Faida iko kwenye karatasi, droo ni tupu: fedha ya duka imekwenda wapi?

"Sasa hiyo faida iko wapi?" Mwenye duka huuliza hivyo kabla hata hujamaliza kumkabidhi taarifa yake ya faida na hasara. Macho yake yameruka mistari yote na kutua kwenye ule wa chini kabisa, ameona faida, kisha amegeuka kutazama droo. Wateja wanaingia na kutoka tangu asubuhi, muuzaji hana hata muda wa kuketi, na bado fedha ya kumlipa msambazaji wa kesho haipo. Kwa hiyo anakata shauri: ama mhasibu kakosea hesabu, ama muuzaji anaiba.

Yote mawili hutokea. Ila kabla ya kumtuhumu mtu, ni vizuri kujua kwamba karatasi ile imejibu swali ambalo mwenye duka hakuliuliza. Taarifa ya faida na hasara inaeleza kama vitu vilivyouzwa katika kipindi fulani viliuzwa kwa zaidi ya vilivyogharimu. Droo inaeleza ni fedha ngapi zimeingia na ngapi zimetoka. Mfuko wa saruji uliokopeshwa leo ni mauzo ya leo kwenye karatasi, hata kama mteja atalipa baada ya miezi miwili. Mfuko ulionunuliwa leo na kulipiwa taslimu si gharama bado. Utakuwa gharama siku utakapouzwa. Katikati ya siku hizo mbili, ya kulipa na ya kulipwa, ndimo fedha ya duka inamolala.

Tuchukue mfano wa kubuni: duka la vifaa vya ujenzi, hesabu za miezi mitatu. Tarakimu zote ni kwa maelfu, na jina la fedha kila msomaji aweke lake.

Mauzo: 60,000
Bidhaa zilizokuwapo mwanzo: 18,000
Ongeza manunuzi: 53,000
Toa bidhaa zilizobaki mwisho: 23,000
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 48,000
Faida ghafi: 12,000
Gharama za uendeshaji: 9,000
Faida halisi: 3,000

Ndani ya zile 9,000 kuna pango, mishahara, usafiri na umeme, na kuna vitu viwili tutakavyovirudia: uchakavu wa gari na rafu 600, na riba ya mkopo 300.

Miezi mitatu ilipoanza, droo na akaunti ya benki kwa pamoja vilikuwa na 4,000. Ilipokwisha, zilibaki 400. Duka limepata faida ya 3,000 na wakati huo huo limepoteza fedha taslimu 3,600. Mwenye duka ana haki ya kuchanganyikiwa, na mhasibu anayemkabidhi karatasi hii moja bila mizania kando yake, yaani orodha ya mali na madeni ya duka, amemnyima nusu ya jibu. Hilo nalisema kama lawama, kwa sababu ni tabia iliyozoeleka: taarifa ya faida na hasara inatolewa peke yake, na mizania inabaki kwenye kompyuta ya mhasibu.

Tuifuate fedha hatua kwa hatua, kuanzia faida hadi droo.

Faida ni 3,000. Uchakavu wa 600 ulitolewa kama gharama, lakini hakuna mtu aliyelipwa uchakavu. Fedha ya gari ilitoka siku gari liliponunuliwa. Turudishe hizo 600, tuwe na 3,600. Huu ndio mwanzo wa safari, na kama hakungekuwa na jambo jingine, droo ingeongezeka kwa kiasi hicho.

Sasa tazama rafu. Duka lilianza na bidhaa za 18,000 likamaliza na bidhaa za 23,000. Zile 5,000 za tofauti zimenunuliwa, lakini hazimo kwenye gharama, maana hazijauzwa. Mstari wa "bidhaa zilizobaki mwisho" umezitoa. Ndiyo maana nasema mstari huo usomwe kwanza, kabla ya mstari wa faida. Mwenye duka lenye pilikapilika huona wateja wengi, hupata hofu ya kuishiwa, huagiza zaidi, na msambazaji humshawishi kwa punguzo la kununua kwa wingi. Kila uamuzi una mantiki yake. Jumla yake ni 5,000 zilizogeuka kuwa mabomba na makopo ya rangi, na mabomba hayalipi mshahara.

Baada ya rafu, daftari la madeni. Mafundi na wajenzi huchukua vifaa na kulipa wakipata malipo ya kazi zao. Mwanzoni walikuwa wanadaiwa 2,000, mwishoni 5,500. Kwa hiyo kati ya mauzo ya 60,000, kuna 3,500 ambazo ni maandishi tu. Duka lilipokea 56,500.

Kwa hesabu hii pekee tumeshatoka kwenye 3,600 za kuongezeka tukaingia kwenye upungufu wa 4,900. Kilichookoa ni mali kauli. Wasambazaji waliokuwa wanadai 2,400 sasa wanadai 7,000. Yaani 4,600 za bidhaa zimeingia dukani bila kulipiwa bado. Upungufu unashuka hadi 300. Lakini usishangilie. Bila subira ya wasambazaji, droo haingebaki na 400. Ingekuwa imekauka siku nyingi kabla ya miezi mitatu kwisha. Duka hili limeendeshwa kwa fedha za watu wengine, na watu hao watapiga simu.

Zilizobaki ni hatua mbili fupi. Rejesho la mkopo ni 600 kila mwezi: 100 ni riba, 500 ni kupunguza mkopo wenyewe. Riba imo kwenye taarifa kama gharama, ila zile 500 hazimo, kwa sababu kurudisha ulichokopa si gharama, kama vile kukikopa hakukuwa mapato. Kwa miezi mitatu ni 1,500. Na mwenye duka amejichukulia 600 kila mwezi kwa matumizi ya nyumbani, jumla 1,800, ambazo nazo hazimo, kwa kuwa si gharama ya duka bali ni mgao wake. Toa zote: 300, na 1,500, na 1,800. Ni 3,600 kamili. Kutoka 4,000 mpaka 400.

Kama ungeishia hapa ungerudi nyumbani na hadithi inayoeleweka: duka lina faida nzuri, fedha imekwama kwenye rafu na kwenye madeni, tupunguze kuagiza na tukusanye. Washauri wengi huishia hapa. Mimi nadhani sehemu ya hatari ndiyo kwanza inaanza, na iko kwenye ile tarakimu ya 23,000.

Nani alizihesabu hizo bidhaa?

Katika maduka mengi, jibu ni kwamba hakuna aliyezihesabu. Kuhesabu mali yote ya duka la vifaa vya ujenzi ni kazi ya siku mbili, na siku mbili za kufunga duka zinauma. Kwa hiyo mwenye duka anasema, "Huwa naongeza robo ya bei ya kununulia," na mhasibu anafanya makadirio. Kitu kilichonunuliwa kwa 80 kinauzwa 100, kwa hiyo gharama ni 80 kwa kila 100 ya mauzo. Mauzo ni 60,000, gharama ni 48,000. Bidhaa za mwanzo na manunuzi ni 71,000. Ukitoa 48,000 zinabaki 23,000. Tayari.

Angalia kilichofanyika. Faida ghafi haikupimwa. Ilidhaniwa kwanza, kisha bidhaa zilizobaki zikatafutwa ili ziendane na dhana hiyo. Taarifa inaonyesha faida ghafi ya 20 kwa kila 100 ya mauzo, ambayo ni sawasawa na ile aliyoitaja mwenye duka, bila hata pointi moja kupungua. Duka halisi haliwi hivyo. Kuna kopo lililotoboka, kuna mteja aliyepunguziwa, kuna msumari uliopimwa kwa mkono mkunjufu. Mimi nikiona faida ghafi iliyonyooka namna hiyo miezi nenda miezi rudi, siamini kwamba mali ilihesabiwa, na huuliza karatasi ya kuhesabia iko wapi. (Hapo hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili: kuongeza 25 kwa kila 100 ya bei ya kununulia hakukupi 25 kwa kila 100 ya mauzo. Kunakupa 20. Mwenye duka akipanga matumizi yake akidhani ana 25, ameshajikopa asichonacho.)

Tuseme sasa duka limefungwa siku mbili, rafu zimehesabiwa kimoja kimoja kwa bei ya kununulia, na bidhaa zilizokutwa ni za 20,500. Zimepungua 2,500 chini ya makadirio. Gharama ya bidhaa zilizouzwa inapanda kutoka 48,000 hadi 50,500. Faida ghafi inashuka hadi 9,500, chini kidogo ya 16 kwa kila 100 ya mauzo. Gharama za uendeshaji hazijabadilika, ni zile zile 9,000. Faida halisi inakuwa 500.

Na droo? Droo bado ina 400. Haijui chochote kuhusu kuhesabu.

Hili ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Ukirudia safari yetu kwa tarakimu mpya, inafika pale pale. Faida imepungua kwa 2,500, lakini ongezeko la rafu nalo limepungua kwa 2,500, kutoka 5,000 hadi 2,500. Kimoja kinafuta kingine. Maana yake ni kwamba hesabu ya kutoka faida hadi droo inaweza kufunga vizuri kabisa, na bado faida ikawa ya kubuni. Kila kitu kimoja unachokizidisha kwenye bidhaa zilizobaki kinazaa faida ya kiasi hicho hicho kwenye karatasi, na hakuna mstari mwingine utakaopiga kelele. Ni kuhesabu mali tu kunakoweza kukuumbua.

Tofauti kati ya picha hizi mbili si ndogo. Kwa picha ya kwanza, mwenye duka alipata 3,000 akachukua 1,800, mtu mwenye kiasi. Kwa picha ya pili alipata 500 akachukua 1,800. Alikuwa anakula mtaji wa 1,300 huku akiamini anajinyima. Na ile "fedha iliyokwama kwenye rafu", ambayo tulidhani itarudi bidhaa zikiuzwa, nusu yake haiko kwenye rafu wala popote. Imeshatoka mlangoni.

Imetokaje? Taarifa ya faida na hasara haiwezi kusema, na mtu asikudanganye kwamba inaweza. Inaonyesha ukubwa wa shimo, haionyeshi aliyelichimba. Lakini kuna jaribio dogo lisilohitaji kuhesabu duka zima. Chagua bidhaa moja inayotoka haraka na inayohesabika kwa urahisi, tuseme kopo la rangi nyeupe linalouzwa 10 kwa bei ya kawaida. Mwanzo wa mwezi yalikuwapo makopo 40, yakanunuliwa 60, leo yamebaki 22. Makopo 78 yameondoka. Fungua daftari la mauzo.

Ukikuta daftari limeandika makopo 74 tu, makopo manne yameondoka bila kuandikwa. Yaweza kuwa wizi, yaweza kuwa mkopo uliosahaulika kuandikwa, yaweza kuwa mwenye duka mwenyewe alichukua kupaka sebule yake. Ukikuta makopo yote 78 yameandikwa lakini fedha iliyorekodiwa ni 741 badala ya 780, hakuna kilichopotea. Kuna punguzo. Mtu amekuwa akiwapunguzia wateja 5 kwa kila 100, kwa maneno matamu ya "basi nipunguzie kidogo, bosi."

Katika mfano wetu, punguzo kama hilo peke yake karibu linatosha kueleza pengo zima. Bidhaa zilizogharimu 50,500, zikiongezewa robo, zilipaswa kuuzwa 63,125. Ziliuzwa 60,000. Tofauti ni takriban 5 kwa kila 100. Na ndiyo sababu duka lilikuwa na watu wengi. Punguzo la 5 linasikika dogo, kwa sababu tunalilinganisha na bei ya 100. Lilinganishe na faida: kitu cha 100 kilichogharimu 80 kilikupa 20, sasa kinakupa 15. Robo ya faida ghafi imekwenda. Ili upate faida ghafi ile ile ya mwanzo unalazimika kuuza theluthi zaidi ya vitu: theluthi zaidi ya kupakia, kupanga, kupima, kufungasha. Pilikapilika zinaongezeka na faida haisogei. Ndiyo maana huwa sifurahii nikisikia mwenye duka wa aina hii akishauriwa aongeze mauzo. Akiongeza kwa njia ile ile, ataongeza rafu, ataongeza wadaiwa, na kwa kila mzigo atakaoutoa atabaki na kidogo.

Mwisho, tuone mambo yangekuwaje akifanya kinyume. Miezi mitatu inayofuata amezuia punguzo na wateja wengine wameondoka. Mauzo yameshuka hadi 54,000. Faida ghafi ni 20 kwa kila 100 kweli, safari hii kwa kuhesabu: 10,800. Toa gharama 9,000, faida 1,800. Rudisha uchakavu 600, ni 2,400. Ameagiza kidogo, rafu imeshuka kutoka 20,500 hadi 17,500, hizo ni 3,000 zilizorudi. Mafundi wamelipa, madeni yamepungua kwa 1,500. Kutoka humo amewalipa wasambazaji 2,500 za madeni ya nyuma, benki 1,500 zile zile, na nyumbani 1,800 zile zile.

Duka limetulia, muuzaji ana muda wa kuketi, na jirani anauliza kama biashara imekuwa mbaya. Droo imetoka 400 hadi 1,500. Ila zile 3,000 za rafu hazitarudi mara ya pili: rafu hupunguzwa mara moja tu, na chini ya hapo wateja watakuta nafasi tupu. Miezi mitatu ya baadaye, rejesho na matumizi ya nyumbani, jumla 3,300, vitalazimika kulipwa na hizo 2,400 peke yake, na hazitoshi. Hapo ndipo mazungumzo na benki kuhusu kurefusha muda wa mkopo, au na familia kuhusu zile 600 za kila mwezi, yanapaswa kuanza, tena mapema, wakati droo bado ina kitu.